Msiisingizie Ibada: Juu ya Kuandika Matokeo ya Utafiti Masasi na Newala

Ipo sentensi ambayo kila anayesoma taarifa za elimu za mikoa ya Kusini ameshakutana nayo: "Mwamko wa elimu katika jamii hii bado ni mdogo." Inasomwa kwenye vikao vya halmashauri, inanakiliwa kwenye maandiko ya miradi, na siku hizi inaingia hata kwenye tasnifu za wanafunzi wetu ikiwa imevishwa joho la takwimu. Mwanafunzi anakwenda Masasi na Newala na dodoso lake, anawauliza watu wanaingia kanisani au msikitini mara ngapi, anawauliza wanaionaje shule, kisha anarudi na jedwali. Katika sura ya matokeo anaandika kwamba wanaohudhuria ibada wana mtazamo huu, wasiohudhuria wana mtazamo ule, na wilaya moja imeizidi nyingine. Sura inayofuata inaita hayo yote "mchango wa dini katika mwamko wa elimu".

Hoja yangu ni kwamba madhara ya sentensi hiyo hayaanzi kwenye sura ya majadiliano, ambako wengi wetu huelekeza ukosoaji. Yanaanza kwenye sura ya matokeo, mahali panapodhaniwa kuwa pana namba tupu zisizo na upande. Sura ya matokeo iliyoandikwa ovyo huwa imekwisha kutoa hukumu kabla majadiliano hayajaanza, na hukumu hiyo ina gharama. Ofisa aliyeshika karatasi inayosema tatizo ni imani za watu hana sababu ya kuuliza walimu wa hisabati wako wangapi, wala binti wa Newala anatembea umbali gani kutafuta maji kabla ya kengele ya asubuhi.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu majina haya mawili hutajwa pamoja kana kwamba ni mizani yenye sahani mbili zinazolingana. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, juu ya bonde la Ruvuma. Ni nchi ya mchanga inayonywesha mvua yake chini upesi, na shida ya maji ni sehemu ya historia yake. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda huo, katikati ya milima ya mawe. Newala wengi ni Wamakonde na Uislamu una nguvu kubwa. Masasi wamo Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, na Ukristo umekuwa na mizizi mirefu zaidi. Mizizi hiyo ina tarehe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, na kijiji chao kikawa kituo cha misheni na shule. Mwaka 1906 Wabenediktini wakaanzisha kituo chao Ndanda. Mpaka serikali ilipotaifisha shule kwa sheria ya mwaka 1969, sehemu kubwa ya elimu katika eneo hili ilipita mikononi mwa misheni.

Mtafiti anapaswa kuyajua hayo kabla hajaandika namba moja. Mzee wa miaka sabini na mitano anayehojiwa leo alikuwa na umri wa kwenda shule wakati ambapo kwa familia nyingi za Kiislamu kumpeleka mtoto shuleni kulimaanisha kumkabidhi kwa padri. Kusita kwao kulihusu mmiliki wa shule na hofu ya mtoto kubatizwa, na hakutuambii lolote kuhusu thamani waliyoipa elimu. Mama wa miaka hamsini na mitano, kwa upande mwingine, alikutana na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote iliyofikia kilele mwaka 1977. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza baada ya Januari 2016 alikuta ada ya sekondari za serikali imefutwa. Watu hawa watatu wanaweza kuwa wa dini moja na kuhudhuria ibada sawasawa, lakini shule waliyoiona si moja. Kwa hiyo jedwali lisilogawanya umri linachanganya vizazi vitatu na kuuita mchanganyiko huo dini.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Swali la kawaida kwenye madodoso yetu ni hili: "Huhudhuria ibada mara ngapi?" Majibu: kila wiki, mara moja kwa mwezi, mara chache, sihudhurii. Linaonekana halina ubaya, lakini katika Newala swali hilo linapima jinsia ya mhojiwa kabla halijapima ucha Mungu wake. Swala ya Ijumaa ni wajibu kwa mwanamume, na si wajibu kwa mwanamke. Katika vijiji vingi mwanamke Mwislamu husali nyumbani, na ibada yake ya pamoja anaikuta kwenye maulidi, kwenye hitima au kwenye darsa la wanawake. Akijibu kwa ukweli swali la dodoso, anaingia kwenye safu ya "mara chache". Jirani yake Mkristo anayekwenda kanisani kila Jumapili anaingia kwenye safu ya "kila wiki". Dodoso limewatenga wanawake wawili ambao huenda wana bidii sawa ya dini, na limefanya hivyo kwa kigezo ambacho dini ya mmoja wao haikumwekea.

Kuna pia suala la watu kujisifu kidogo. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Kimarekani, Kirk Hadaway, Penny Long Marler na Mark Chaves, walilinganisha mahudhurio ambayo watu walidai kwenye tafiti za maoni na hesabu za watu waliokuwamo makanisani kweli. Waliokuwamo walikuwa karibu nusu ya waliodai. Siwezi kuichukua nusu hiyo na kuipachika Masasi. Kila jamii ina namna yake ya kujisifu. Lakini funzo linasafiri: alichoandika mdadisi ni kauli ya mtu kuhusu mahudhurio yake. Basi sura ya matokeo iseme "waliosema kuwa huhudhuria kila wiki", na isiseme "wanaohudhuria kila wiki". Ni maneno machache tu ya ziada, na huo ni uaminifu wa kwanza. Na kama mdadisi alivaa kofia ya baraghashia au msalaba shingoni, au alipelekwa nyumba kwa nyumba na katibu wa msikiti au katekista, hilo nalo liandikwe, kwa sababu kauli hutolewa mbele ya mtu.

Upande wa pili wa jedwali ni mtazamo kuhusu shule, na hapa lugha yetu wenyewe inatutega. Kwa Waswahili wengi wa pwani na Kusini, neno "chuo" linaweza kumaanisha madrasa, na "kusoma" ni pamoja na kusoma Kurani. Ukimuuliza baba wa Kitangari, "Je, elimu ni muhimu kwa mtoto?", hujui kama amejibu kuhusu shule ya kata, kuhusu madrasa, au kuhusu vyote viwili kwa pamoja, ambavyo yeye hajawahi kuvitenga kichwani mwake. Swali linalotaka kupima shule ni lazima liitaje shule: shule ya serikali, ya msingi au ya sekondari, ya kutwa au ya bweni.

Tena swali la "elimu ni muhimu?" lina kasoro nyingine, kwamba karibu kila mtu hujibu ndiyo. Swali ambalo takriban wote wanalijibu sawa haliwezi kueleza tofauti kati ya watu. Mtafiti akipata ndiyo karibu zote, kisha akachambua zile hapana chache kwa dini, anapima chuya, huku akidhani anapima mchele. Swali lenye manufaa ni lile linalomtaka mhojiwa achague jambo lenye gharama. Kwa mfano: "Binti amemaliza shule ya msingi na amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni iliyo mbali na nyumbani. Ungemruhusu aende?" Hapo utasikia watu wakifikiri.

Nichukue swali hilo na kulifanyia hesabu mpaka mwisho. Namba zinazofuata nimezitunga kwa ajili ya kufundishia. Hazitoki katika utafiti wowote, na asizinukuu mtu kama habari za Masasi au Newala. Tuseme wamehojiwa watu 400 katika vitongoji 20, kumi kila wilaya, watu 20 kila kitongoji. Wanaume 200, wanawake 200. Waliosema huhudhuria ibada kila wiki ni 240, na waliobaki 160 walisema huhudhuria kwa nadra zaidi. Kati ya wale 240, waliosema wangemruhusu binti ni 140, yaani asilimia 58. Kati ya wale 160, ni 80, yaani asilimia 50.

Mwanafunzi wa kawaida ataandika hivi: "Matokeo yanaonesha kuwa kuhudhuria ibada kunaongeza mwamko wa elimu ya mtoto wa kike kwa asilimia 8." Sentensi hiyo ina makosa matatu. "Kunaongeza" ni neno la kisababishi, na dodoso lililoulizwa mara moja halioni sababu. Linaona vitu viwili vinavyotokea pamoja. "Mwamko" ni jina kubwa mno kwa jibu la swali moja kuhusu bweni. Na "asilimia 8" si sahihi hata kihesabu: kutoka 50 hadi 58 ni pointi 8 za asilimia, ambazo ni ongezeko la karibu asilimia 17 ya ile 50. Ofisa atakayezidisha namba hiyo kwenye bajeti yake atakuwa amepotoka kabla hajaanza.

Lakini kosa kubwa zaidi halimo ndani ya sentensi, limo katika kilichoachwa. Gawanya jedwali hilohilo kwa jinsia. Tuseme wanaume wa kila wiki ni 160, na 104 kati yao wangemruhusu binti. Wanaume wa nadra ni 40, na 26 wangemruhusu. Makundi yote mawili ni asilimia 65. Wanawake wa kila wiki ni 80, na 36 wangemruhusu. Wanawake wa nadra ni 120, na 54 wangemruhusu. Makundi yote mawili ni asilimia 45. Msomaji ajumlishe mwenyewe: 104 na 36 ni 140, 26 na 54 ni 80. Namba ni zilezile. Pengo la pointi 8 limeyeyuka lote. Lilitokea kwa sababu wanaume walijaa kwenye safu ya "kila wiki", na wanaume ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kumruhusu binti. Ibada haikuwa na kazi yoyote katika pengo hilo. Swali lililo hai sasa ni kwa nini akina mama wanasita, na mtu yeyote aliyewahi kuzungumza nao anajua mahali pa kuanza kuuliza: usalama wa njia, hali ya bweni lenyewe, nani atachota maji na kulea wadogo. Hayo ni mambo ambayo halmashauri inaweza kuyafanyia kazi. Jedwali la kwanza lingeipa halmashauri hotuba ya kuwahubiria waumini.

Nisieleweke vibaya: kuyeyuka huko nako kuna mipaka yake, na mwandishi mwaminifu hawezi kuishia kwenye ushindi mpya. Wanaume wa nadra ni 40 tu. Kwa idadi hiyo, asilimia 65 yao ingeweza kuwa 50 au 80 kama tungechota watu wengine 40 kwa bahati nasibu. Kwa hiyo tofauti ya sifuri kati ya wanaume wa makundi mawili ina shaka ya takriban pointi 16 au 17 kila upande. Hatuwezi kuandika "ibada haina uhusiano na mtazamo". Tunachoweza kuandika ni kwamba katika sampuli hii hatukuona tofauti ndani ya kila jinsia, na kwamba sampuli ilikuwa ndogo mno kuondoa uwezekano wa tofauti ya wastani. Ukosefu wa ushahidi wa tofauti si ushahidi wa kukosekana kwa tofauti.

Linganisho la wilaya kwa wilaya lina tatizo la namna nyingine. Tuseme katika mfano huohuo Masasi wamejibu ndiyo watu 118 kati ya 200, sawa na asilimia 59, na Newala 102 kati ya 200, sawa na asilimia 51. Pengo tena ni pointi 8. Ukikokotoa shaka ya sampuli kana kwamba watu 400 walichotwa mmoja mmoja, unapata takriban pointi 10 kila upande. Lakini hawakuchotwa hivyo. Walichotwa ishirini ishirini kwenye kitongoji, na watu wa kitongoji kimoja hufanana: wana shule moja, kisima kimoja, imamu mmoja au katekista mmoja, na wanasimuliana habari ya binti yuleyule aliyerudi nyumbani na mimba. Mtu wa ishirini katika kitongoji hakuletei habari mpya sawa na mtu wa kwanza.

Kufanana huko kuna kipimo. Kikiwa 0.05 tu, kiwango ambacho hakimshangazi mtafiti wa kaya, hesabu ni 1 + (20 − 1) × 0.05 = 1.95. Maana yake watu wako 400 wana uzito wa watu 205 hivi. Shaka inapanda kutoka pointi 10 hadi takriban 14. Pengo la pointi 8 sasa linaweza kuwa chochote kati ya Newala kuizidi Masasi kwa pointi 6 na Masasi kuizidi Newala kwa pointi 22. Programu ya takwimu haitakuambia hili yenyewe. Usipoieleza kwamba kuna vitongoji, itakuchapia namba nyembamba yenye kiburi, nawe utaibandika kwenye tasnifu.

Na hata kama vitongoji vingekuwa mia kila upande na shaka ikapungua, bado wilaya ni mbili. Wilaya mbili zinatofautiana kwa dini, kwa makabila, kwa maji, kwa umri wa shule, kwa barabara na kwa bei ya korosho iliyofika mkononi. Huwezi kutenga sababu moja kati ya hizo kwa kutumia vitu viwili. Anayetaka kujua kuhusu dini alinganishe Mwislamu na Mkristo wa kitongoji kimoja cha Masasi, na Mkristo na Mwislamu wa kitongoji kimoja cha Newala, kisha atazame kama mwelekeo ni uleule. Hapo maji na barabara vinakuwa sawa kwa wote wawili, ingawa umri, kipato na elimu ya mhojiwa mwenyewe bado vinaweza kuwatofautisha.

Kuna jambo jingine la kitaifa ambalo wanafunzi husahau kuliandika. Sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Sina ugomvi na uamuzi huo hapa. Nautaja kwa matokeo yake. Mtafiti aliyepata Waislamu wengi au wachache katika sampuli yake hana mizani rasmi ya karibuni ya kupimia kama amewapata kwa uwiano sahihi. Hawezi kuisawazisha sampuli kwa dini. Basi asiandike "asilimia kadhaa ya wakazi wa Newala ni Waislamu wanaoamini hivi". Aandike "kati ya wahojiwa wetu waliojitambulisha kuwa Waislamu". Hilo si suala la adabu tu. Ni tofauti kati ya kuwasemea watu waliokujibu na kuwasemea watu ambao hukuwahi kubisha hodi kwao.

Sasa niiandike upya ile sentensi mbovu, kama ambavyo ningetaka kuisoma, nikitumia namba zetu za kutunga. "Kati ya wahojiwa 400, waliosema wangemruhusu binti kwenda sekondari ya bweni iliyo mbali walikuwa 220, sawa na asilimia 55. Miongoni mwa waliosema huhudhuria ibada kila wiki kiwango kilikuwa asilimia 58, na miongoni mwa wengine asilimia 50. Tofauti hiyo haikuonekana tulipogawanya kwa jinsia: wanaume walikuwa asilimia 65 na wanawake asilimia 45 katika makundi yote mawili ya mahudhurio. Wanaume wasiohudhuria kila wiki walikuwa 40 tu, hivyo tofauti ya wastani kati ya wanaume haiwezi kuondolewa. Mahudhurio ni kauli ya mhojiwa mwenyewe, na swali halikuhesabu ibada za nyumbani, ambazo ni sehemu kubwa ya ibada ya wanawake Waislamu. Mahojiano yalifanyika mchana katika msimu wa korosho. Watu waliokuwa mashambani siku zote mbili za ziara hawamo."

Aya hiyo haina kivumishi hata kimoja cha kusifu au kulaumu. Kila kikwazo kimekaa bega kwa bega na namba inayokihusu. Msomaji anayenakili namba atalazimika kuikata sentensi katikati ili aipotoshe, na akifanya hivyo kosa litakuwa lake.

Nalisisitiza hili la bega kwa bega kwa sababu desturi yetu ni nyingine. Katika tasnifu zetu, mipaka ya utafiti hupewa ukurasa wake mbali na matokeo, na ukurasa huo husema karibu maneno yaleyale: muda haukutosha, fedha hazikutosha, barabara zilikuwa mbaya, baadhi ya wahojiwa hawakutoa ushirikiano. Hayo ni malalamiko ya safari. Ni kweli kwamba njia ni mbaya, lakini msomaji hajifunzi chochote kuhusu namba kwa kujua kwamba mtafiti alichoka. Anachohitaji ni mnyororo: kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya, vitongoji gani viliachwa, vilivyoachwa vina shule karibu au mbali, basi namba imeelekea juu au chini. Kikwazo kisichosema namba imeelekea wapi ni sala ya kujikinga na mtahini.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya ofisini: mkurugenzi hana muda wa aya ndefu, anataka mstari mmoja. Vema, na mstari mmoja upo: "Akina mama walisita zaidi ya akina baba kumpeleka binti bweni la mbali, bila kujali mahudhurio yao ya ibada, sababu hazikuulizwa." Ni mfupi, ni wa kweli kwa data iliyopo, na unamwambia mkurugenzi hatua inayofuata. Ufupi haujawahi kuhitaji uongo. Tuliozoea kuona uongo ukiwa mfupi tumedhani ni sharti.

Pingamizi la pili linatoka vyuoni kwetu, nalo linaniuma zaidi. Mwanafunzi anaogopa kwamba akiandika "hatukuona tofauti" mtahini atasema hakupata kitu, na jarida halitachapisha. Hofu hiyo ina msingi. Sisi wenyewe tumeijenga. Tunapomuuliza mtahiniwa "mchango wako mpya ni upi?" huku tukikunja uso mbele ya jedwali lisilo na nyota za umuhimu wa kitakwimu, tunamfundisha kuchimba mpaka apate nyota. Atagawanya sampuli kwa dini, kwa kabila, kwa umri, kwa kata, na kati ya migawanyo ishirini mmoja utang'aa kwa bahati tu. Kisha ataandika kana kwamba huo ndio aliokuwa anautafuta tangu mwanzo. Dawa yake ni rahisi na haigharimu senti: aandike kabla ya kwenda uwandani migawanyo atakayoifanya, na katika sura ya matokeo aitaje yote aliyoifanya, iliyozaa na isiyozaa. Mtahini naye aulize orodha hiyo kabla hajauliza nyota.

Watu wa Masasi na Newala wamekwisha kupimwa na wengi, na kila aliyepita ameondoka na jina la kuwabandika. Wana haki ya kudai kwamba wanapofungua mlango na kumpa mdadisi saa nzima ya siku yao, kitakachoandikwa ni walichosema, kwa swali lililoulizwa, na kwa idadi ya watu waliokuwapo. Msimamizi wa tasnifu anayesoma haya na achukue sura ya matokeo iliyo mezani kwake sasa, atafute kila penye neno "mwamko", "athari" au "mchango", na aulize ni jibu la swali namba ngapi katika dodoso. Pasipo na namba ya swali, afute.